Nyumba ya Tatu Ilipotangulia

Kwa miaka mingi wateja wa Kezia walikuwa wafu, na hakuna mteja mpole kama maiti. Maiti halalamiki kwamba umemwandika mfupi. Haulizi kwa nini umetaja kesi ya shamba ukasahau tuzo ya mahindi. Familia ilikuja kwenye kibanda chake mjini Migori, karibu na stendi, ikiwa na picha moja, majina ya watoto na haraka nyingi, naye Kezia aliandika historia ya marehemu kwa Kijaluo na kuitafsiri kwa Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya wageni. Akachapa, akalipwa, na marehemu akazikwa akiwa mtu mwema. Watu walimwita Madam wa Historia. Wengine walisema kwa utani kwamba hata mchawi akipita kwenye kompyuta ya Kezia anatoka mzee wa kanisa.

Levi ndiye aliyemletea mteja aliye hai. Levi ni kitinda mimba wa Mzee Cephas, yule mwenye kinu cha kusaga na maduka kule karibu na Asumbi. Alikuwa amesikia historia moja ya Kezia ikisomwa matangani, akaipenda, akamfuata. Baba amezeeka, alisema, ameshapata kiharusi kimoja, ulimi umekuwa mzito. Tuandike kitabu chake akiwa bado anaweza kukishika mkononi.

Wakaandikiana mkataba. Kezia alisaidiwa na jirani yake, karani wa wakili mmoja, na kwa hiyo haukuwa mkataba wa kubabaisha. Sura kumi, kila sura shilingi elfu kumi na mbili. Malipo ya mwanzo elfu thelathini na sita, yaani sura tatu, na yangekatwa kwenye sura tatu za kwanza. Sura ikikaa majuma mawili bila kupingwa kwa maandishi, imekubaliwa. Upande wowote ukitaka kuacha kazi njiani, sura zilizokubaliwa zinalipwa zote, na ile iliyo mkononi inalipwa nusu ikikabidhiwa kama ilivyo. Pesa ikishalipwa, maandishi na sauti zote zinakuwa mali ya familia, na mwandishi asibaki na nakala.

Kwa miezi mitatu Kezia alikuwa mtu wa furaha. Alimsikiliza mzee kwa subira ambayo wanawe hawakuwa nayo. Maneno ya Mzee Cephas yalitoka yamevunjika, nusu yake yakiwa mate, na wanawe walikuwa wameshaacha kumsikiliza. Walimtikisia kichwa tu na kumwekea redio. Kezia alikaa. Mwishoni alimwelewa kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Aliandika utoto, akaandika lori la kwanza lililonunuliwa kwa jasho la pamba, akaandika miaka ya misheni.

Kisha akafanya kosa, na kosa lenyewe ni la kwetu. Mgeni kutoka mbali asingelifanya, maana asingejua kuna la kukosea.

Mzee alikuwa na wake watatu. Mama Leonida ndiye mikayi, mke wa kwanza, mwenye nyumba inayotazamana na lango. Wa pili alikwisha kufariki, akaacha wana. Wa tatu ni Mama Edith, mama yake Levi. Sasa kila mtoto wa Mjaluo anajua kwamba nyumba ya kwanza ndiyo hupanda kwanza, ndiyo huvuna kwanza, na mwana wa nyumba ya chini hajengi kabla ya kaka zake. Ukivuruga mpango huo umeita chira, laana ya mvunja mwiko, na chira haibishi hodi. Kezia alijua hayo kama anavyojua jina lake. Lakini kila alipokwenda kwa Mama Leonida, mama alisema, "Si leo, nyathina," yaani mwanangu. Leo anapalilia, kesho ana ibada. Mama Edith kwa upande wake alikuwa na chai tayari na maneno kama mvua ya Aprili. Kezia akajiambia karatasi si shamba. Sura zinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote na kupangwa baadaye. Akaandika nyumba ya tatu ikawa sura ya nne, akaandika ya pili ikawa ya tano, akaongeza sura ya kinu ikawa ya sita. Nyumba ya kwanza akaiachia nafasi, kichwa cha habari peke yake.

Huenda angeponea hapo. Ni Levi, kwa kiburi cha mtoto anayempenda mama yake, aliyeirusha sura ya mama yake kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ukoo mzima ukasoma nyumba ya tatu kabla ya ya kwanza kufungua mdomo. Mwezi haujaisha, upepo ukang'oa mabati ya nyumba ya Mama Leonida, yake peke yake katika boma zima. Baada ya hapo ng'ombe wake mmoja akafa akiwa na mimba. Nani tena angehitaji kuelezwa?

Ujumbe wa Levi ulimfikia Kezia akiwa hospitalini Migori.

"Madam, kazi isimame. Familia imeamua. Sura tatu za kwanza ziko sawa na ulishalipwa. Zile zingine zimeleta shida, hatuwezi kuzilipia. Tumalizane hivyo. God bless."

Aliusoma amesimama kando ya kitanda cha mumewe. Zablon alikuwa akichimba dhahabu Masara, na jiwe lilikuwa limemwangukia shimoni likamvunja mfupa wa paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzani. Daktari alikuwa amesema wazi, bila kuficha na bila ukali: leteni chuma, tutakifunga. Nafasi ya upasuaji ni Jumatatu. Ikipita tutasubiri sana, na mfupa hausubiri, utaanza kujiunga wenyewe ukiwa umepinda. Bima ya afya walikuwa wameacha kuilipa tangu mwaka uliopita, wakisema mwezi ujao, mwezi ujao. Chuma ni elfu arobaini. Muuzaji yuko Kisumu, akiona pesa kwenye simu anakiweka kwenye gari la kwanza, asipoiona haweki.

"Ni nani?" Zablon aliuliza.

"Ni kazi," Kezia alisema, akaigeuza simu kifudifudi.

Alihesabu kwa kichwa, na hesabu ilikuwa rahisi. Sura tatu ambazo hazijalipwa ni elfu thelathini na sita. Nusu ya ile iliyo mkononi ni elfu sita. Jumla arobaini na mbili. Mguu wa Zablon ulikuwa ndani ya kile kitabu, na kitabu kilikuwa kimefungwa.

Alikwenda mahakamani, kwenye dirisha la madai madogo. Karani alikuwa mtu wa heshima. Alisoma mkataba, akasoma na ujumbe ambamo Levi alikuwa ameandika "Sura ya mama imeniliza, endelea hivyo hivyo." Akasema kesi hii ni nzuri. Mpelekee barua ya madai kwanza, kisha uje uandikishe. Sheria inataka iamuliwe ndani ya siku sitini.

"Sitini," Kezia alisema.

"Ni haraka sana hiyo, mama. Kwingine ni miaka."

Akamshukuru. Alipotoka nje aliketi kwenye ngazi. Alikuwa amewakopa wote wa kukopwa. Kompyuta yake aliitembeza madukani na bei aliyopewa ilikuwa tusi. Kwa mara ya kwanza alimchukia Levi, akauchukia upepo, akauchukia mdomo wa Mama Edith na chai yake. Zaidi ya wote alijichukia yeye na werevu wake wa karatasi si shamba.

Ijumaa asubuhi alimpigia Levi. Levi alikuwa amekuja nyumbani kwa ajili ya mabati.

"Sitaki kukushtaki," Kezia alimwambia. "Lakini mkataba unao. Nakuja tumalizane mbele ya wenyewe."

"Madam, usije. Mama Mikayi hataki kukuona."

"Basi ataniona bila kutaka."

Boma lilikuwa kimya alipofika. Walimwingiza nyumbani kwa Mama Leonida, ambako nusu ya sebule ilikuwa chini ya turubai. Mzee Cephas aliketi kwenye kiti chake pembeni, redio ikiwa imezimwa. Levi alikuwa kwenye kochi na simu mbili. Mama Leonida, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na ushei, hakunyoosha mkono wa salamu. Alimwonyesha kiti.

Kezia hakuzunguka. Alitoa mkataba akakisoma kifungu cha kuvunja kazi, polepole, kwa Kijaluo, ili kila mtu asikie. Sura zilizokubaliwa zinalipwa zote. Akamwonyesha Levi ujumbe wake mwenyewe.

Levi alikuna shingo. "Nilikubali kama mimi. Familia haikukubali."

"Aliyetia sahihi ni familia au ni wewe?"

"Madam, kazi imeharibu boma. Fundi akikujengea nyumba ikaanguka, unamlipa?"

"Nyumba haijaanguka. Uliambiwa ni rasimu, ukaifungulia mlango kabla haijapigwa lipu. Kupanga ni kosa langu, na nakiri mbele ya Mama. Kutangaza ni kwako."

Hapo sauti yake ikavunjika, ingawa njia nzima alikuwa amejiapia isivunjike. Akawaambia kuhusu Zablon. Akawaambia kuhusu Jumatatu na mfupa usiosubiri. Hakujali tena heshima ya mwandishi wala ya Madam wa nani. "Sidai zawadi," alisema akifuta pua kwa kiganja. "Nadai kilichoandikwa hapa. Kitabu kifungeni, kichomeni mkitaka. Nilipeni nikamfunge mume wangu mguu."

Levi alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mara nyingine ni heri mbaya.

Ndipo Mama Leonida akasema. "Pesa iko?"

"Iko, Mama," Levi alijibu. "Lakini ulisema ile sura ya..."

"Nilisema sitalipia nyumba ya tatu ikitangulia yangu. Ukimlipa leo kwa sura ya Edith, utakuwa umeirudia ile aibu mara ya pili, sasa kwa pesa. Hiyo sikubali. Mkataba wake unasema nini juu ya sura yangu?"

"Iliyo mkononi inalipwa nusu, ikikabidhiwa," Kezia alisema. "Lakini Mama, sina kitu cha kukabidhi. Sina neno hata moja lako."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Basi andika. Yangu ilipwe kwanza, zingine zifuate kama zinavyofuatana. Usiweke simu, sitaki sauti yangu ibaki humo. Andika kwa mkono."

Na mama aliyekuwa amesema si leo kwa miezi mitatu akaanza. Hakuanza na kuzaliwa kwake wala na harusi. Alianza na binti yake wa kwanza, Damaris.

Damaris alikuwa na miaka kumi na mitano, akisoma, akizijua nyimbo zote za misheni. Mwanaume wa kutoka mbali akaja na ng'ombe wengi. Mama alikataa. Mzee alikubali. Ng'ombe waliingia kwa lango lile pale, na kabla ya mavuno walitoka kwa lango lile lile kwenda mnadani, likarudi lori. "Pamba," Mama Leonida alisema. "Pamba ya shamba hili isingenunua hata magurudumu. Lori lilinunua kinu, kinu kikanunua maduka, maduka yakamwoa na Edith. Mwanangu alikufa akijifungua mwaka uliofuata. Maiti yake ililetwa na lile lori. Nilikataa kupanda. Nilitembea nyuma yake."

Kezia aliandika. Machozi yalidondokea karatasi na hakuyafuta, maana mkono haukuwa na nafasi. Alikumbuka sura yake ya pili, jasho la pamba, sentensi tamu zilizomfanya Levi ampigie simu kumpongeza. Katika kazi yake yote, ya wafu wote wale, hakuwahi kupewa neno zito hivi. Na alikuwa amepewa siku kazi inavunjwa.

Zilitoka kurasa nne. Mama akasomewa, akasahihisha jina la kijiji kimoja, akazipokea, akazikunja na kuzifunga kwenye ncha ya leso yake.

Levi alikuwa amebadilika rangi. "Mama, hiyo karatasi nipe nikuwekee. Wanao, Oliver na wenzake, wakiisikia, watasema mali yote ni ya nyumba ya kwanza."

"Wewe lipa," Mama alisema. "Nilitaka iandikwe. Sikusema isomwe."

Wakaandika makubaliano ya kumalizana kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wa Kezia: kazi imekoma kwa hiari ya pande zote, sura sita na nusu ya saba zimekabidhiwa, mwandishi hana dai lingine akishalipwa, na hana la kuandika wala kusimulia juu ya boma hili. Kifungu hicho cha mwisho Levi ndiye aliyekidai, na Kezia hakuwa katika hali ya kukatalia mtu. Akatia sahihi, Levi akatia, Mama akaweka dole gumba. Kezia akafungua simu mbele yao, akafuta faili za sauti za mzee moja moja, saa na saa za subira yake, akafuta na sura.

Levi akaanza kutuma. Kwanza elfu sita, nyumba ya kwanza. Simu ya Kezia ikalia. Kisha elfu kumi na mbili, nyumba ya pili. Ikalia tena. Bado nyumba ya tatu na kinu, elfu ishirini na nne, na bila hizo hakuna chuma.

Hapo Mzee Cephas akasema.

Kwa masikio ya wengine ilikuwa ni kukoroma tu. Levi hakuinua hata macho. Lakini mkono wa mzee ule mzima ulikuwa umeinuka kutoka kwenye kiti, ukimwelekea Mama Leonida, na uso wake ulikuwa umelowa. Alirudia. Kezia alilisikia kila neno, waziwazi kama mtu aliyesema mezani.

Mama Leonida akageuka. Miaka mitatu hakuwa ameelewa sentensi ya mumewe, na kabla ya hapo hakuwa ameulizwa. "Anasema nini?" aliuliza.

Kidole cha Levi kikasimama juu ya simu. "Madam," alisema taratibu, "umeshatia sahihi. Kazi ya kutafsiri imekwisha. Mambo ya mzee tuachie sisi."

"Nyathina, anasema nini?"

Kezia alimwona Zablon na kamba zake. Alikiona kile kidole. Mzee akasema tena, mara ya tatu, akilia kama mtoto, na mwanamke yule wa miaka themanini na ushei akasubiri akimtazama Kezia mdomoni, naye Kezia akatazama sakafu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na bado hakuinua macho. Levi alipoona amenyamaza, akabonyeza. Elfu kumi na mbili. Akangoja kidogo, akabonyeza tena.

Simu ililia mara mbili. Kezia alisoma salio, akalisoma tena, kisha akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyokuwa ikivujiwa, mbele ya Mama Leonida, akamshika mikono.

"Anasema ni kweli, Mama," alisema. "Anasema ng'ombe walikuwa wa Damaris, na pamba ni uongo wake. Ananiambia niandike hivyo. Nisamehe, nilimsikia tangu mara ya kwanza."

Levi alisimama, akaketi tena.

Mama Leonida hakulia, na hakumlaumu mtu. Aliivuta ile ncha ya leso yenye kurasa nne akaikaza mkononi, akageuza kiti chake mpaka kikatazamana na cha mumewe.

"Mwambie arudie," alisema.